UCHAMBUZI: Anwani hudanganya, muhuri huumbua, lakini hata muhuri una mipaka yake

OKTOBA 18, 2001, aliyekuwa Waziri wa Afya, Profesa Sam Ongeri, alisimama mbele ya wanahabari jijini Nairobi na kutangaza jambo lililotia nchi kiwewe. Barua iliyotoka Atlanta, Marekani, na kupokelewa na Mkenya mmoja jijini, ilikuwa imepimwa na kudaiwa kuwa na vijidudu vya kimeta. Wakati huo Wamarekani walikuwa wakifa kwa ugonjwa huo huo uliosambazwa kwa njia ya posta, na kwa siku kadhaa ilidhaniwa kuwa Kenya ndiyo nchi ya kwanza nje ya Marekani kufikiwa na shambulio hilo.

Baadaye uchunguzi zaidi ulibainisha kwamba hapakuwa na kimeta katika barua ile. Hofu ikatulia, na habari ikazikwa. Hata hivyo, kuna somo ambalo halikuandikwa vya kutosha wakati ule, nalo lilikuwa limechapwa juu ya bahasha yenyewe. Barua ilikuwa imetumwa Septemba 8, ikafika Oktoba 9.

Msomaji azitazame tarehe hizo kwa makini. Septemba 8 ni siku tatu kabla ya mashambulio ya New York na Washington, na ni siku kumi kabla ya barua za kwanza za kimeta kugongwa muhuri huko Marekani, yaani Septemba 18. Aidha, zile barua za kweli zote nne zilizopatikana ziligongwa muhuri wa Trenton, katika jimbo la New Jersey, wala si Atlanta. Mwezi mzima uliopita njiani pia ulikuwa na maelezo mepesi, kwani safari za ndege za abiria na mizigo nchini Marekani zilisimamishwa kwa siku kadhaa baada ya Septemba 11. Kwa ufupi, ushahidi uliokuwa nje ya bahasha ulikuwa ukiashiria barua ya kawaida iliyochelewa. Haukutosha kuthibitisha kwamba ndani yake hamkuwa na sumu, kwa kuwa kazi hiyo ni ya maabara. Lakini ulitosha kumfanya mtu mwangalifu asite kabla ya kuihusisha barua ile na za Trenton.

Mwandishi wa makala haya ametumia miaka mingi kwenye meza ya uhariri, mahali ambapo barua za wasomaji hufunguliwa. Mojawapo ya mambo ya kwanza ambayo mhariri mchanga alifundishwa enzi hizo ni kutotupa bahasha. Barua inayomtuhumu chifu au mwalimu mkuu, iliyotiwa jina la mkazi wa Kendu Bay, ikawa imegongwa muhuri jijini Nairobi, ilirudishwa pembeni hadi mwenye jina atafutwe. Mara nyingine alipatikana, akasema ndiye aliyeandika, kwamba mpwawe ndiye aliyempelekea posta alipokuwa akirejea kazini. Mara nyingine alipatikana, akashangaa sana. Tofauti ya majibu hayo mawili ndiyo kiini cha makala haya.

Juu ya bahasha huwa kuna mashahidi wa aina mbili. Wa kwanza ni yale aliyoyaandika mtumaji mwenyewe, yaani anwani yake, jina lake, na maelezo ya kilichomo. Wa pili ni yale yaliyowekwa na watu au mitambo ambayo haimjui mtumaji wala haina sababu ya kumficha. Hao ni muhuri wa posta, chapa ya mashine ya malipo, na ile karatasi ya mistari na nambari inayobandikwa kwenye barua za rejista na vifurushi. Shahidi wa aina ya kwanza anaweza kusema chochote, kwa kuwa hakuna karani anayekuomba kitambulisho unapoitumbukiza barua ya kawaida katika sanduku. Ndiyo maana uchunguzi huanza kwa kuwalinganisha mashahidi hao wawili, na kuuliza ni wapi wanapokosana.

Tuanze na anwani ya mtumaji. Hapa Kenya, anwani kamili huwa na vitu vitatu: nambari ya sanduku la posta, msimbo wa posta wenye tarakimu tano, na jina la mji. Msimbo haukupangwa ovyoovyo. Ile inayoanza na sufuri ni ya Nairobi na maeneo jirani, kwa mfano 00100 ya Posta Kuu na 00200 ya City Square. Inayoanza na 4 ni ya Nyanza: Kisumu ni 40100, Maseno 40105, Kisii 40200, Homa Bay 40300, Siaya 40600, na Bondo 40601. Ukivuka kwenda Kakamega unakuta 50100, na Busia 50400. Kwa hiyo anwani inayosema Siaya lakini ikabeba msimbo wa 40200 imeandikwa na mtu ambaye ama amekosea, ama haijui Siaya.

Hata hivyo, kosa la msimbo peke yake si hatia. Wazee wengi waliokodi masanduku kabla ya misimbo hii kuanza kutumika huandika sanduku na mji tu. Wanafunzi hunakili msimbo wa shule waliyosomea. Kinachopaswa kumshtua msomaji ni kosa ambalo mwenye anwani hiyo hangelifanya. Karani wa shule ya Bondo, anayeandika anwani ya shule yake mara ishirini kwa siku, hawezi kuikosea.

Huko Marekani, kosa la aina hiyo hiyo lilikuwa juu ya barua mbili za kimeta zilizotumwa kwa maseneta Tom Daschle na Patrick Leahy, na kugongwa muhuri Oktoba 9, 2001. Kwenye kona ya bahasha, mtumaji aliandika kwamba barua inatoka kwa darasa la nne la shule iitwayo Greendale, mjini Franklin Park, New Jersey, msimbo 08852. Lengo la uongo huo ni rahisi kulielewa: ni ofisi gani ya seneta itakayokataa kufungua barua ya watoto wa shule? Wachunguzi walipoifuatilia, waligundua kwamba hakuna shule ya jina hilo pale. Isitoshe, msimbo 08852 si wa Franklin Park bali ni wa Monmouth Junction, mji ulio karibu.

Ukilitazama kosa hilo kwa utulivu, linasema mambo mawili yanayovutana. Mtumaji hakuwa mwenyeji wa Franklin Park, kwa kuwa mwenyeji angeujua msimbo wake. Lakini hakuwa mgeni kabisa wa eneo hilo pia, ama angalau alikuwa ameliangalia kwenye ramani au orodha, kwa maana alichagua mji na msimbo vilivyo jirani. Uongo huwa na malighafi yake, na mara nyingi malighafi hiyo huokotwa karibu na alipopita mwongo.

Sasa tuje kwenye muhuri. Muhuri wa posta wa kawaida hapa kwetu ni wa duara, wenye jina la ofisi na tarehe. Kazi yake ya asili haikuwa kumsaidia mpelelezi, bali kuharibu stempu ili isitumike mara ya pili. Kwa hiyo unasema mambo mawili tu, na ni muhimu kuyataja kwa usahihi. Unasema stempu hiyo iliharibiwa katika ofisi gani, na siku gani. Hausemi barua iliandikiwa wapi. Hausemi ilitumbukizwa katika sanduku lipi. Wala hausemi ni mkono wa nani ulioitumbukiza.

Pengo kati ya sanduku na muhuri ndilo linalowapotosha wengi. Barua iliyotiwa sandukuni Jumamosi jioni inaweza kugongwa Jumatatu. Barua iliyotiwa katika sanduku la soko dogo ufuoni inaweza kukusanywa na kugongwa katika ofisi kubwa zaidi. Na pale ambapo kazi hufanywa kwa mitambo, jina lililo kwenye muhuri huwa ni la kituo kinachopanga barua za eneo zima. Zile barua zilizogongwa Trenton hazikutiwa sandukuni mjini Trenton. Zilipita katika kituo cha kupanga barua cha Hamilton, kinachohudumia miji mingi ya eneo hilo. Wachunguzi walilazimika kupima mamia ya masanduku ya barabarani, na mwezi Agosti 2002 ikatangazwa kwamba sanduku moja lilipatikana na vijidudu vya kimeta. Lilikuwa katika barabara ya Nassau, mjini Princeton.

Hata hapo, safari ya kumtafuta mtumaji haikuishia Princeton. Bahasha zenyewe zilikuwa za aina inayouzwa na posta ikiwa tayari imechapwa stempu, na kasoro ndogo za uchapaji ziliwaelekeza wachunguzi kwenye bahasha zilizouzwa katika ofisi za posta za majimbo ya Maryland na Virginia, mwendo wa saa kadhaa kwa gari. Shirika la upelelezi la FBI lilihitimisha kwamba aliyehusika alikuwa Bruce Ivins, mwanasayansi wa maabara ya jeshi iliyoko Fort Detrick, Maryland, na likafunga faili mwaka wa 2010. Ivins alikuwa amefariki mwaka wa 2008 bila kufikishwa mahakamani, na wapo wataalamu ambao hadi leo hawajaridhika na hitimisho hilo. Lakini mpangilio wa uchunguzi unabaki kuwa funzo: anwani ilisema Franklin Park, muhuri ukasema Trenton, sanduku likasema Princeton, na karatasi ya bahasha ikasema Maryland. Kila shahidi alisema kweli au uongo kwa kiwango chake, na ni kwa kuwapanga wote ndipo njia ilipoonekana.

Turudi ufuoni mwa Ziwa Victoria, kwa maana eneo hili lina mtego wake ambao mpokeaji wa Nairobi huenda asiukumbuke. Kuna Busia mbili na Malaba mbili, moja upande wa Kenya na nyingine upande wa Uganda, zikitenganishwa na mpaka unaovukwa kwa miguu. Muhuri uliofifia ukiacha herufi za Busia pekee haujakwambia nchi. Hapo ndipo stempu inapotoa ushahidi. Posta ya nchi moja haipokei stempu ya nchi nyingine kama malipo, hivyo barua iliyolipiwa kwa stempu ya Uganda iliingia katika posta ya Uganda, hata kama anwani ya mtumaji ni ya Kenya.

Kinga hiyo haikuwapo siku zote. Wasomaji wenye umri wa kutosha watakumbuka stempu zilizoandikwa Kenya, Uganda na Tanganyika kwa pamoja, zilizoanza kutolewa mwaka wa 1935. Mwenye barua ya kale ya babu yake, yenye stempu kama hiyo, hawezi kujua kwa kuitazama stempu kama ilitumwa kutoka Kisumu, Jinja au Mwanza. Muhuri pekee ndio unaojibu.

Tuchukue mfano wa kubuni ili tuone hatua zinavyofuatana. Chama cha ushirika cha wavuvi mjini Kisumu kinapokea bahasha nene, yenye vitisho dhidi ya mweka hazina. Anwani ya mtumaji ni sanduku la Homa Bay, msimbo 40300. Stempu ni ya Kenya. Muhuri ni wa Kisumu, Jumanne. Barua ndani imewekwa tarehe ya Jumatatu, Homa Bay, na kutiwa sahihi ya mwanachama anayefahamika.

Hatua ya kwanza ni kuuliza kama anwani inapatana na yenyewe. Inapatana, kwani 40300 ni Homa Bay kweli. Hatua ya pili ni kulinganisha anwani na muhuri. Hapo hazipatani. Hatua ya tatu, ambayo wengi huiruka, ni kutafuta maelezo yasiyo na hila. Je, mwanachama huyo alikuja Kisumu Jumanne? Je, alimpa mtu wa matatu amtilie barua? Kutoka Homa Bay hadi Kisumu ni safari ya saa chache, kwa hiyo inawezekana kabisa. Hatua ya nne ni kutazama kile kisichoelezeka hata baada ya hapo. Mtu aliye Homa Bay anayetaka kutisha ofisi ya Kisumu kwa jina lake halisi hana sababu ya kuipeleka barua mjini Kisumu ili itumwe Kisumu. Lakini mtu aliye Kisumu, anayetaka lawama imwangukie wa Homa Bay, anayo sababu hiyo. Huo si uthibitisho. Ni sababu ya kutomkamata mwenye jina kabla ya kumuuliza alikuwa wapi.

Hatari ya kuruka hatua hizo si ya kufikirika. Mwezi Aprili 2013, barua zenye sumu ya risini zilitumwa kwa Rais Barack Obama na kwa seneta wa Mississippi. Maneno yaliyokuwa ndani yalikuwa yale yale ambayo mwanamume mmoja wa jimbo hilo alizoea kuyaandika hadharani, na yalifungwa kwa herufi za kwanza za jina lake. Alikamatwa, na baada ya takriban wiki moja akaachiliwa na mashtaka kufutwa. Ikabainika kwamba hasimu wake ndiye aliyetuma, na mwaka wa 2014 hasimu huyo alifungwa miaka 25. Muhuri wa barua hizo ulikuwa wa Memphis, jimbo jirani la Tennessee, kwa kuwa barua za kaskazini mwa Mississippi hupangiwa huko. Muhuri huo ulimfaa mwenye hatia na asiye na hatia kwa kiwango kimoja, maana wote wawili walikuwa wakazi wa eneo hilo hilo. Ndipo tunapouona mpaka wa ushahidi wa muhuri: huonyesha eneo, hauonyeshi mtu.

Kwa barua za rejista na vifurushi vya kimataifa, kuna shahidi mwenye nguvu zaidi. Ni ile nambari ya herufi na tarakimu kumi na tatu iliyo chini ya mistari myeusi. Huanza kwa herufi mbili zinazoonyesha aina ya huduma, kwa mfano R kwa rejista, C kwa kifurushi na E kwa huduma ya haraka. Hufuatiwa na tarakimu tisa, na humalizika kwa herufi mbili za nchi ya posta iliyoitoa: KE ni Kenya, UG Uganda, TZ Tanzania, GB Uingereza. Kifurushi kinachodai kutoka kwa jamaa aliyeko London, lakini nambari yake ikaishia na herufi za nchi nyingine, kimeingia katika posta kwingine.

Tarakimu ya tisa ni ya ukaguzi, na mtu yeyote mwenye kalamu anaweza kuihakiki. Tuchukue nambari ya mfano, RR123456785KE. Zidisha tarakimu nane za kwanza, kila moja kwa zamu yake, na 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9 na 7, kisha ujumlishe. Hapa jumla ni 204. Gawa kwa 11, utabakiwa na 6. Toa 6 katika 11, unapata 5, ambayo ndiyo tarakimu ya tisa. Jibu likiwa 10 huandikwa 0, na likiwa 11 huandikwa 5. Nambari isiyopatana na hesabu hii ama imenakiliwa vibaya, ama imebuniwa na mtu asiyejua kanuni. Inayopatana bado yaweza kuwa imenakiliwa kutoka kifurushi kingine, hivyo hatua ya mwisho ni kuiulizia posta.

Kuna pia hali ambapo mashahidi hukosana bila mtu kuwa na nia mbaya. Kampuni zinazotuma barua nyingi hutafuta nchi yenye gharama nafuu, zikasafirisha mzigo wote na kuutia katika posta ya huko. Kwa hivyo jarida la shirika la Uingereza linaweza kufika Kisumu likiwa na alama ya posta ya nchi nyingine ya Ulaya. Dalili ya biashara hiyo ni kwamba bahasha huwa na chapa ya malipo iliyochapwa kwa wingi, si stempu iliyolambwa na kubandikwa kwa mkono. Barua ya mtu binafsi kwa mtu binafsi haipiti njia hiyo kwa kawaida.

Na kuna mizigo isiyo na muhuri kabisa. Vifurushi vingi vinavyofika Kisumu siku hizi huja kwa basi au matatu, vikiwa na risiti tu. Jina la mtumaji katika risiti hiyo ni lile alilolitaja mwenyewe. Kinachoaminika zaidi ni kile alichoandika karani: kituo kilichopokea mzigo, saa, nambari ya risiti na nambari ya gari. Anayetaka kujua mzigo umetoka wapi kweli aanze na kituo hicho.

La mwisho ni la usalama, nalo ni sehemu ya kusoma bahasha. Bahasha yenye unga unaovuja, nyaya, madoa ya mafuta au harufu isiyoeleweka haisomwi kwa kugeuzwageuzwa mikononi. Huachwa pale ilipo, chumba hufungwa, mikono huoshwa kwa sabuni na polisi huitwa. Kinachoonekana upande wa juu kinaweza kupigwa picha au kunakiliwa kwa umbali. Na baada ya hapo bahasha ihifadhiwe pamoja na barua. Mara nyingi ofisi zetu huipeleka polisi karatasi ya vitisho ikiwa imekunjwa vizuri ndani ya faili, huku bahasha yake ikiwa tayari imeteketea kwenye jaa la taka. Karatasi hiyo ina jina lililochaguliwa na mtumaji. Muhuri, ambao hakuuchagua, umekwisha kuwa majivu.